Kinyume cha Muungwana

Siku posa ya dada yangu ilipofika, shangazi aliuliza swali moja tu. Hakuuliza kijana anafanya kazi gani, wala ana umri gani. Aliuliza: "Ni muungwana?"

Tulikuwa sebuleni Kibokoni, madirisha wazi, kelele za tuktuk zikiingia kutoka barabarani. Ukoo wa kijana unatoka ng'ambo ya maji, Kisauni. Watu wakatazamana. Mimi nikagundua kwamba sijui swali lenyewe ni lipi. Huwezi kujua "muungwana" maana yake nini mpaka ujue kinyume chake. Na neno hili lina vinyume viwili.

Nilisoma isimu miaka miwili kabla ya kuacha chuo. Vingi nimesahau, ila somo la antonimia limebaki, kwa sababu mwalimu alianza na maneno ya nyumbani. Hai na maiti, alisema, ni kama swichi ya taa. Ukisema "si hai," umeshasema amekufa. Katikati hapana kitu, na hakuna maiti kuliko mwenzake. Moto na baridi ni kama ngazi. Ukisema chai si ya moto, hujasema ni ya baridi. Yaweza kuwa vuguvugu. Halafu unaweza kuongeza "sana," "kidogo," "kuliko." Hicho ndicho kipimo: jaribu "sana" mbele ya neno. Likikubali, uko kwenye ngazi. Likikataa, uko kwenye swichi.

Sasa rudi nyuma hadi Mombasa ya karne ya 19, wakati huu mji uko chini ya Mabusaidi, waliouchukua kwa Mazrui mwaka 1837. Muungwana wakati huo alikuwa mtu aliyezaliwa huru, na kinyume chake kilikuwa mtumwa. Mbele ya kadhi hiyo ilikuwa swichi. Ama unaweza kuuzwa, ama huwezi. Hakuna aliyekuwa "mtumwa sana" kisheria.

Lakini chini ya neno "mtumwa" palikuwa na maneno mengine, na hapo ndipo mambo yanaponoga. Wanaisimu huita uhusiano huo hiponimia: neno pana linabeba maneno finyu, kama "samaki" linavyobeba changu na tafi. Kila changu ni samaki. Vivyo hivyo, mjakazi alikuwa mtumwa wa kike. Mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa huku pwani, anayejua lugha na dini. Mjinga alikuwa mtumwa mgeni, aliyeletwa juzi kutoka bara. Ndiyo, "mjinga" hilohilo tunalotukanana nalo leo.

Wote hawa walikuwa watumwa, lakini mzalia na mjinga hawakuwa sawa hata kidogo. Mzalia aliweza kuaminiwa na biashara. Mjinga alipelekwa shambani. Kwa hiyo ndani ya upande mmoja wa swichi, watu walikuwa wamejenga ngazi.

Suria ndiye aliyeivuruga swichi yenyewe. Alikuwa mtumwa aliyewekwa nyumbani na bwana wake. Kwa hesabu ya maneno, kila suria ni mtumwa. Lakini kwa sheria ya Kiislamu, akimzalia bwana wake mtoto na bwana akamkubali, mtoto yule huzaliwa huru, na mama haruhusiwi tena kuuzwa. Waingereza walipomsukuma Sultani wa Zanzibar kuondoa hadhi ya utumwa kisheria mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya amri hiyo, wakihesabiwa kama wake. Ilibidi kungoja hadi 1909. Yaani kwa miaka 12 sheria ilisema utumwa umekwisha, na aina moja ya mtumwa imebaki. Ni kama kusema samaki wamekwisha baharini isipokuwa changu.

Huku kwetu sheria ilikuja mwaka 1907. Mahakama ziliacha kumtambua mtu yeyote kuwa mtumwa, na wenye watumwa wakaruhusiwa kudai fidia. Kwa karatasi, upande mmoja wa swichi ukafutwa. Basi upande wa pili ungekuwaje? Kama hakuna mtumwa tena, kila mtu ni muungwana, na neno linaloshika kila mtu halimtengi yeyote.

Mji haukukubali. Kulikuwa tayari na neno la kukwepea: huru. Mtu aliyeachwa alikuwa huru, lakini huru hakuwa muungwana, kwa sababu muungwana hakuachwa na mtu. Ng'ambo, kule ambako Wamishenari wa Kianglikana walianzisha Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, kulijaa watu huru. Kengele yao bado iko Kisauni, na mahali pale panaitwa Kengeleni hadi leo. Kutoka Mji wa Kale ulikuwa ukivuka maji tu, na ukivuka unabadilishiwa neno.

Wengine walibaki palepale, na wao walishikwa na uhusiano mwingine, meronimia, yaani wa sehemu na kitu kizima. Kibokoni si aina ya Mji wa Kale. Ni sehemu yake, kama mlango ulivyo sehemu ya nyumba. Mtumwa alihesabiwa wa nyumba ya fulani. Alipoachwa, mara nyingi alibaki na jina la nyumba ile. Lilimpa kwao, na papo hapo likawakumbusha watu aliingiaje. Katika kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel cha mwaka 1989, wanawake watatu wa Mombasa wanasimulia maisha yao, na mmoja wao, Mishi wa Abdala, ni wa kizazi cha watumwa. Hayo si mambo ya kale sana. Wanawake wale walisimulia kwa midomo yao.

Wakati huohuo, taratibu, neno lilikuwa likihama. Bibi anaponiambia "huo si uungwana" nikila nimesimama, hazungumzii kuuzwa kwa mtu. Kinyume cha muungwana hapo ni asiye na adabu, na hiyo ni ngazi. Mtu anaweza kuwa muungwana kidogo, au kuliko nduguye. Na ngazi zenyewe hazifanani. Kamba mbili zikiwa fupi zote, bado nasema hii ni ndefu kuliko ile, na hakuna anayeshangaa. Lakini nikisema chai hii ni baridi kuliko ile, umeshajua zote zimepoa. "Muungwana kuliko" ni kama chai: huwezi kuwaambia hivyo wezi wawili ila kwa mzaha. Kulinganisha kwenyewe kumeshawapa wote wawili heshima.

Kwa hiyo neno moja, maana mbili, na kila moja ina kinyume chake. Ya kwanza ni ya kuzaliwa na haikubali "sana." Ya pili ni ya tabia na inakubali. Utajua mtu anatumia ipi kwa swali linalofuata. Akiuliza "wa nyumba gani?" basi mwaka 1907 haujamfikia.

Sebuleni, shangazi alikuwa bado anangoja. Dada yangu alikuwa akitazama mkeka. Bibi akaweka kikombe cha kahawa chini, bila haraka.

"Sana," akasema.

Shangazi alifungua mdomo, akaufunga. Tukaanza kuzungumza mahari.