Sheria ndogo ya taka: Maneno yanayoamua kama faini itasimama

Kwenye miji mingi ya Tanzania si ajabu kukuta bango: "Usitupe taka hapa, faini Sh50,000". Lakini bango si sheria. Siku mtu akibisha, kinachoangaliwa ni sheria ndogo ya halmashauri, na hapo ndipo nyingi zinapokwama.

Halmashauri za miji hupata nguvu ya kutunga sheria ndogo kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Rasimu hutangazwa ili wananchi watoe maoni, hupitishwa na Baraza la Madiwani, hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo, hata kama madiwani wote wameshapiga makofi, hakuna wa kutozwa.

Tatizo kubwa huwa kwenye kifungu cha kosa. Chukua mfano huu wa kubuni: "Mtu yeyote atakayechafua mazingira atakuwa ametenda kosa." Kinasikika kikali, ila hakisemi kuchafua ni nini. Ganda la muwa? Maji ya kufulia? Moshi wa jiko? Katiba, ibara ya 13(6)(c), inakataza kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa kisheria. Kifungu kisichotaja kitendo kinamwachia afisa aamue kosa pale pale barabarani.

Sasa tuseme asubuhi maofisa wamekuta mifuko mitatu ya taka mbele ya duka. Mwenye duka anasema, "Si zangu, zimetupwa usiku." Kwa kifungu kile, lazima ithibitishwe kwamba yeye ndiye aliyezitupa, na shahidi hayupo. Kesi imekufa.

Mwandishi mzuri hutenganisha makosa mawili. La kwanza ni la mtupaji: "Mtu hatatupa wala kuacha taka ngumu barabarani, kwenye mtaro au eneo la wazi, isipokuwa ndani ya chombo kilichowekwa na Halmashauri." La pili ni la mwenye eneo: "Mmiliki au mpangaji wa jengo la biashara ataondoa taka zilizo ndani ya mita tano kutoka mbele ya jengo lake, ndani ya saa 24 baada ya kupewa notisi ya maandishi."

Kwa kosa la pili, hakuna haja ya kumjua aliyetupa usiku. Kinachotakiwa ni nakala ya notisi yenye saa, na picha ya taka zikiwa bado pale muda ukiisha. Mwenye duka naye hajaonewa, maana amepewa nafasi ya kusafisha.

Ada nayo isichanganywe na faini. Ada ya taka ni malipo ya huduma ya kuzolewa taka. Faini ni adhabu. Kama kutolipa ada ni kosa, kifungu kiseme hivyo waziwazi, pamoja na tarehe ya mwisho ya kulipa. Na kama gari la taka halijapita wiki mbili, je? Rasimu nyingi zinakaa kimya hapo, na mtaani ndipo ugomvi unapoanzia.

Kwenye kiwango cha faini, neno la kutazama ni "isiyozidi". Linaweka ukomo na kuiachia mahakama nafasi ya kumtofautisha mama ntilie mwenye ndoo moja na kampuni iliyomwaga lori zima. Ukomo huo hauwezi kuvuka ule wa sheria mama. Ukivuka, kifungu hakisimami. Kwa hiyo sheria mama isomwe pamoja na marekebisho yake yote, si nakala ya zamani iliyolala kabatini.

Kisha kuna sehemu inayowagusa wengi: nani hasa ana mamlaka? Kuandika "afisa wa Halmashauri" hakutoshi. Kwenye tafsiri ya maneno, "afisa aliyeidhinishwa" atajwe kwa cheo: afisa afya, afisa mazingira, mtendaji wa kata au wa mtaa. Mgambo anaweza kumsaidia afisa huyo, lakini asipoidhinishwa hana kalamu ya kuandika faini. Mkandarasi wa kuzoa taka ndiyo kabisa asipewe, hasa kama sehemu ya faini inaingia mfukoni mwake.

Sheria ndogo nyingi pia humpa mkurugenzi uwezo wa kufifilisha kosa, yaani kulimaliza bila kwenda mahakamani. Sharti lake ni mkosaji akiri kwa maandishi, kwa hiari yake, kwenye fomu iliyo katika jedwali la sheria hiyo. Anayekataa kukiri anapelekwa mahakamani. Halipishwi papo hapo.

Kwa hiyo anayesimamishwa barabarani ana haki ya kuuliza: kifungu kipi, kitambulisho kiko wapi, na namba ya malipo ya serikali ni ipi? Akijibiwa "toa elfu kumi tumalizane", hiyo si faini.