Nguzo Hazishonwi

Mwezi uliopita nililetewa kijitabu cha istilahi za takwimu kilichoandaliwa na jopo ambalo sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya wajumbe wake bado hunisalimia. Humo CSV imeitwa "thamani zilizotenganishwa kwa mkato", JSON imeitwa "uandishi wa vitu", na Parquet, ambayo ndiyo iliyonikosesha usingizi, imeitwa "faili la nguzo". Nilikifunga kijitabu, nikanywa chai, nikakifungua tena nikitumaini kwamba nilisoma vibaya. Sikuwa nimesoma vibaya.

Hizo mbili za mwanzo nizipite upesi. Thamani ni ya dhahabu na ya utu. Kilicho katikati ya mikato miwili ni namba tu au neno tu, na mara nyingi hakuna kitu. "Faili la mkato" lingetosha. Kuhusu JSON, wengi huitamka kama jina la mtu, na sioni kwa nini sisi tumnyang'anye mtu jina lake.

Nguzo ni kesi nyingine. Naelewa ilikotoka. Kilatini kilikuwa na neno la nguzo ya jengo, Kiingereza kikalirithi kwa ukurasa uliogawanywa wima, na Kiarabu nacho huita nguzo na safu ya wima kwa neno moja, *amudi*. Jopo likaona lugha kubwa mbili zimekubaliana, likapiga muhuri. Lakini Kiswahili hakikuchukua amudi kwa kazi hii. Kilichukua *safu*, kutoka Kiarabu hichohicho, neno la watu waliojipanga bega kwa bega kama waumini msikitini. Safu hiyo inalala. Kisha magazeti yetu yakalichukua neno na kulisimamisha, ndiyo maana mwandishi wa kila Jumapili ana "safu" yake, nayo inashuka kutoka juu hadi chini. Neno moja likawa linalala na kusimama. Waliotafsiri programu za kompyuta walilitatua jambo hilo kwa adabu: safumlalo na safuwima. Sina ugomvi nao. Maneno hayo nayatumia kila siku.

Sasa tazama kosa lenyewe. Kuita Parquet faili la nguzo, au hata faili la safuwima, hakuitenganishi na chochote. Kila jedwali lina safuwima. CSV inazo, na daftari la duka la Mangi linazo. Kinachotafutiwa jina ni namna jedwali linavyolazwa ndani ya faili, na hapo ndipo wanajopo walipotazama umbo wakasahau kazi.

Nichukue mfano ninaoutumia kufundishia. Tume inayosimamia teksi za Jiji la New York hutoa hadharani kumbukumbu za safari, mwezi kwa mwezi, tangu za mwaka 2009. Faili la teksi za manjano la Januari 2021, lilipotolewa katika CSV, lilikuwa na safari 1,369,765, kila safari ikiwa na safuwima 18. Mstari wake wa kwanza wa data ni huu:

```
1,2021-01-01 00:30:10,2021-01-01 00:36:12,1,2.10,1,N,142,43,2,8,3,0.5,0,0,0.3,11.8,2.5
```

Safari yote imelala mstari mmoja, inayofuata imelala chini yake, na hivyo hadi mwisho. Mtu yeyote anaweza kulifungua na kulisoma kwa macho, na hiyo ndiyo heshima ya CSV ambayo hakuna wa kuiondoa. Uzito wake ni takriban megabaiti 126. Ukiligeuza kuwa JSON, kila safari itabeba majina ya safuwima zake zote mgongoni:

```
{"VendorID":1,"tpep_pickup_datetime":"2021-01-01 00:30:10","passenger_count":1, ...}
```

Niliyahesabu majina hayo 18 kwa kalamu: herufi 239, bila alama za nukuu. Zizidishe kwa safari zote, upate zaidi ya megabaiti 320 za majina matupu yaleyale, kabla hujaandika nauli hata moja. Pamoja na nukuu na nukta pacha, faili linazidi mara nne ya CSV. JSON inafaa pale dodoso linapokuwa na kaya, na ndani ya kaya kuna watu, na kila mtu ana maradhi yake. Kitu ndani ya kitu. Kwa jedwali bapa ni kumvisha kila abiria kitambulisho, mwavuli na barua ya mjumbe.

Katika Parquet data hizohizo zina uzito wa takriban megabaiti 22. Hapa msomaji mwerevu atanikatiza kwamba CSV hiyo ikibanwa kwa gzip inashuka hadi kama 25, na ana haki. Ukubwa peke yake si hoja, ingawa wapenzi wa Parquet huimba huo tu. Hoja ni kwamba furushi la gzip halina mlango wa kati: ukitaka bakshishi tu, sharti ulifumue lote tangu mwanzo, upite mstari kwa mstari, ukihesabu mikato. Parquet inakuruhusu kuchukua bakshishi na namna ya malipo, ukaziacha safuwima nyingine zote zimelala diskini:

```python
import pandas as pd
df = pd.read_parquet("yellow_tripdata_2021-01.parquet",
                     columns=["tip_amount", "payment_type"])
```

(Bakshishi iliyotolewa taslimu haimo katika data hizo, ni ya kadi tu. Nimeona tasnifu nzima ikisahau hilo, lakini hiyo si lawama ya faili.)

Inawezekanaje? Kwa sababu Parquet haihifadhi safari. Inaweka nauli zote pamoja, kisha bakshishi zote pamoja, kila safuwima ikiwa na ukanda wake. Vitu vya aina moja vikikaa pamoja vinabanika vizuri. Ile 0.3 katika mstari wa juu ni tozo ya senti 30 iliyorudiwa karibu katika kila safari. CSV huiandika upya kila mara. Parquet huiandika mara moja katika kamusi ndogo ya ukanda, kisha inasema: namba ya kwanza ya kamusi, irudie mara kadhaa.

Aliyewahi kukaa na mwanamke wa pwani akisuka ameshajua neno ninalolielekea. Mkeka haufumwi wote kwa pamoja. Husukwa *ukili* kwanza, ukanda mwembamba mrefu wa ukindu, kila ukili na rangi zake, kisha kili hulazwa ubavu kwa ubavu zikashonwa. Parquet ni *mkeka*. Ukanda wa safuwima moja ndani yake ni *ukili*. Nguzo hazishonwi, nguzo husimama mbalimbali na kubeba paa, na katika faili hili hakuna paa. Hata waliolizindua mwaka 2013, wahandisi wa Twitter na Cloudera, hawakutazama juu. Walichukua jina la sakafu ya vibao vilivyopangwa, neno la Kifaransa ambalo asili yake ni uga mdogo. Wenzetu walitazama walipokanyaga. Nasi tukitazama tunapokaa, tunakuta mkeka.

Mkeka una pindo, na hapa istilahi yangu inalipa zaidi ya nilivyotarajia. Faili la Parquet huanza kwa herufi `PAR1` na kumalizika kwa `PAR1`. Kabla tu ya hizo za mwisho kuna maelezo yote: kila ukili umeanzia wapi, ni wa aina gani, na mara nyingi namba yake ndogo na kubwa kuliko zote. Kijitabu kinaita sehemu hiyo "kijachini". Mimi naiita *pindo*. Programu husoma pindo kwanza. Kwa hiyo mtandao ukikatika katikati ya kupakua, hupati nusu ya data. Hupati kitu, na kompyuta italalamika kwamba haikuona `magic bytes`. CSV iliyokatika itafunguka vizuri kabisa na kukupa nusu bila kusema neno, nawe utaandika wastani wa nusu mwezi ukidhani ni mwezi. Kati ya anayekataa na anayedanganya, mimi najua nani nimwachie data.

Uwongo wa CSV una sura nyingine. Lifungue faili letu katika Excel, ambayo kikomo chake ni safumlalo 1,048,576: safari zaidi ya 321,000 zinaachwa nje. Onyo hutokea, watu hubonyeza sawa, huhifadhi, na safari hizo hazirudi. Namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri. Tarehe ni maneno tu mpaka mtu aamue kuwa ni tarehe. Katika mkeka kila ukili unajua aina yake.

Lakini unajua hata aina mbovu. Katika mkeka huohuo wa New York idadi ya abiria imehifadhiwa kama desimali, abiria 1.0, kwa sababu safari zaidi ya 98,000 hazikujazwa idadi, na baadhi ya zana hugeuza safuwima yenye mapengo kuwa desimali. Kosa hilo limeshonwa ndani sasa. Wala kili za mikeka tofauti hazilazimiki kupatana: kuanzia Februari 2023 safuwima ya `airport_fee` inaandikwa `Airport_fee`, na anayeunganisha miezi bila kuangalia hupata safuwima mbili zenye mapengo. Tena mkeka uliokwisha pindwa hauongezwi mstari kama CSV, inabidi ushone mwingine.

Pendekezo langu nililipeleka kwa jopo. Jibu lilikuwa la mistari miwili. Kwanza, vijana wakisikia mkeka watafikiri ni wa kubeti, na wazee watafikiri ni orodha ya wateule wa Rais. Nikajibu kwamba neno lenye kazi tatu hupata ya nne bila kuchoka, na wao wenyewe hawakuogopa nguzo za umeme. Pili, mjumbe mmoja aliandika kwamba kuna mikeka inayoshonwa kwa ukili mmoja mrefu unaozungushwa, hivyo mfano wangu umevunjika. Hilo ni kweli, na liliniuma kwa sababu ni kweli. Lakini aliyeleta pingamizi hilo alithibitisha kwamba anaujua mkeka kuliko anavyoijua nguzo.

Kwa anayetaka matumizi: hifadhi na ushiriki data kubwa katika mkeka, weka kando yake CSV ya safumlalo mia moja kwa macho ya watu, JSON iachie dodoso lenye kaya na watu ndani yake, na kabla ya kushona hakikisha aina za safuwima.

Kijitabu kinachapishwa upya mwakani. Pendekezo langu bado liko mezani kwao, na sijaliondoa.