Mkanda Uzuiao Damu na Msuli Unaokua kwa Uzito Mdogo

Mwaka 1966, katika nchi ya Japani, kijana wa miaka 18 aitwaye Yoshiaki Sato alihudhuria ibada ya Kibudha ya kumkumbuka marehemu, akakaa muda mrefu kwa kupiga magoti na kukalia visigino, mkao usioachana mbali na ule wa mwenye kusali akiwa katika tahiyatu, hata miguu ikafa ganzi. Alipoyashika mashavu ya miguu yake kuyasugua, aliyakuta yamejaa na kukazana vilevile kama yalivyokuwa yakijaa baada ya kunyanyua vyuma, maana alikuwa mpenzi wa mazoezi hayo. Ndipo ikamjia fikra kwamba pengine kujaa kule hakukutokana na uzito, bali na damu iliyozuiliwa njia.

Tangu hapo akawa anajifanyia tajriba mwilini mwake kwa kamba na mipira ya baiskeli, pasipo kipimo wala mwalimu, na mwaka uliofuata akalazwa hospitali kwa sababu ya pande la damu lililosafiri mpaka mapafuni. Jambo hili lastahili kutajwa mapema. Mwaka 1973 akaanguka alipokuwa akiteleza juu ya theluji, akavunjika kifundo cha mguu na kuumia goti, akafungwa plasta. Mguu uliofungwa hivyo hukonda upesi. Naye akawa anafunga mkanda pajani, akibana na kulegeza mara kwa mara huku akiukaza msuli ndani ya plasta, na kwa simulizi yake mwenyewe akapona kabla ya muda waliokadiria matabibu, wala mguu haukukonda. Njia hiyo akaiita kaatsu.

Simulizi ya mtu juu ya nafsi yake, hata awe mkweli kiasi gani, haitoshi kuwa ushahidi. Ushahidi wa mapema ulipatikana mwaka 2000, pale Yudai Takarada, Naokata Ishii na wenzao, Sato akiwa miongoni mwao, walipotangaza matokeo ya mazoezi ya mikono waliyofanyishwa wanawake wa makamo na wazee kwa majuma 16. Walionyanyua uzito mwepesi hali wamefungwa mkanda, misuli yao ya mbele ya mkono wa juu ilinenepa kwa asilimia 20 hivi, sawa na walionyanyua mizigo mizito bila mkanda. Ilhali walionyanyua uzito ule ule mwepesi pasipo mkanda walipata asilimia 7 tu.

Siri iko katika kiasi cha kubana. Mkanda huvikwa juu kabisa ya mkono au paja, ukajazwa upepo hata ukapunguza damu iingiayo na kuzuia kwa sehemu kubwa ile itokayo. Msuli ukikosa oksijeni ya kutosha, na taka za kazi zikibaki ndani yake, nyuzi zake ndogo zilizozoea kazi nyepesi huchoka mapema, na mwili hulazimika kuziamsha nyuzi kubwa, ambazo kwa kawaida hungojea mzigo mzito. Na nyuzi hizo ndizo zenye kunenepa zaidi. Hapo awali wengi waliipa sifa homoni ya ukuaji, kwa kuwa huongezeka mno baada ya zoezi hili, lakini utafiti wa baadaye umeidhoofisha hoja hiyo.

Leo mtaalamu huanza kwa kutafuta shinikizo linalokata damu kabisa katika kiungo chenyewe. Likiwa milimita 150 za zebaki, mathalani, hutumia kati ya 60 na 120, yaani asilimia 40 hadi 80. Aliye na uwezo wa kunyanyua kilo 10 mara moja tu hupewa kilo 2 au 3, akanyanyua mara 30, akapumzika nusu dakika na mkanda ukiwa umebana, kisha mara 15, tena 15, na tena 15. Mkono ukiwa mwekundu wenye kuelekea zambarau, huku mishipa imetuna, si ajabu. Bali ukipauka na kupoa, au ganzi ikiingia, au mapigo ya kiwiko cha mkono yakipotea, mkanda sharti ulegezwe mara moja. Mwenye historia ya damu kuganda asiuguse pasipo idhini ya tabibu.

Na isidhaniwe kwamba uzito mwepesi umeuondoa uzito mzito. Tafiti zilizokusanywa pamoja zaonyesha kwamba kwa unene wa msuli njia hizi mbili hukaribiana, bali kwa nguvu mzigo mzito bado hushinda. Kwa hiyo mwenye viungo vizima na aendelee na vyuma vyake, na mkanda utumike hasa kwa yule ambaye goti lake, baada ya kupasuliwa, haliwezi kuhimili mzigo.