Raba Kati ya Koili: Kwa Nini Mpindo wa Waya Usiachwe Nje ya Hesabu ya Springi ya Shokapu

Msimu wa korosho unapoanza, mwezi wa Oktoba, pikipiki za Chilangala, Newala na Masasi hubeba mizigo ambayo mtengenezaji wake hakuifikiria. Kiti cha nyuma kinazama, na fundi huwa na dawa ya haraka: vipande vya tairi kuukuu vinavyopachikwa kwa nguvu kati ya koili za springi ya shokapu. Pikipiki inasimama juu tena, nahau ya fundi ni kwamba springi “imeongezewa nguvu”, na mwenye chombo analipa. Makala haya hayakuchokozwa na fundi, kwani fundi anaripoti anachokiona, na anachokiona ni kweli. Yamechokozwa na dai la kitaalamu linalompa fundi huyo hifadhi bila kukusudia, yaani dai kwamba katika kukokotoa mkazo wa springi ya kawaida, athari ya mpindo wa waya inaweza kupuuzwa na kubakizwa ile sehemu ndogo ya marekebisho inayotokana na mkato wa moja kwa moja. Hoja yangu ni kwamba kwa springi ya pikipiki inayopita kwenye barabara ya vumbi ya Uwanda wa Makonde, ni sehemu hiyohiyo inayopuuzwa ndiyo inayoamua kama springi itadumu au itakatika.

Misingi haina ubishi, kwa hiyo nitaipita upesi. Nguvu F inayobonyeza springi kwa mhimili wake haiubonyezi waya, inausokota. Waya wenye kipenyo d, uliozungushwa kwa kipenyo cha wastani D, hupata msokoto wa F mara nusu ya D, na kutoka hapo mkazo wa mkato ni τ = 8FD/(πd³). Kanuni hii inauchukulia waya kama fimbo iliyonyooka. Mwaka 1929 A. M. Wahl, mhandisi wa kampuni ya Westinghouse, alionyesha ukubwa wa kosa linalotokana na dhana hiyo. Upande wa ndani wa koili, nyuzi za chuma ni fupi kuliko za upande wa nje, ilhali zote zinasokotwa kwa pembe ileile, basi za ndani zinanyumbuka zaidi kwa kila milimita ya urefu wake. Juu ya hilo huongezeka mkato wa moja kwa moja wa nguvu F, ambao upande wa ndani unaelekea kulekule msokoto unakoelekea. Wahl aliyajumuisha yote mawili katika kizidisho kimoja, K = (4C − 1)/(4C − 4) + 0.615/C, ambapo C ni uwiano wa D kwa d. Bergsträsser alitoa kanuni nyingine, (4C + 2)/(4C − 3), na wapo wanaobishana ipi ni bora. Kwa C ya 6, ya kwanza inatoa 1.25 na ya pili 1.24. Ubishi huo tuwaachie wanaoupenda.

Ubishi wenye uzito uko kwingine. Vitabu vya usanifu wa mashine, cha Shigley kikiwemo, vinaeleza kwamba kwa mzigo tulivu, hasa kwa springi iliyokwisha kubonyezwa kiwandani hadi ikakaa, mkazo ulinganishwe na kikomo chake kwa kutumia kizidisho kidogo, 1 + 0.5/C, kisicho na athari ya mpindo. Sababu yake ni nzuri: mkazo wa ziada uko kwenye ukanda mwembamba tu wa upande wa ndani, na ukanda huo ukizidiwa, unalegea kidogo na kuugawia mzigo uliobaki sehemu nyingine za waya. Springi haizami kwa sababu ya ukanda mmoja. Nakubaliana na haya yote. Ninachokataa ni namna kauli hiyo inavyohamishwa kimyakimya kutoka springi ya vali ya usalama, inayokaa mahali pamoja miezi mizima, hadi springi ya shokapu. Ufa wa uchovu wa chuma hausubiri wastani wa waya mzima. Unaanzia penye mkazo mkubwa kuliko pote, hata kama ni sehemu ndogo kiasi gani, kisha unatembea wenyewe.

Tuchukue springi moja ya mfano yenye vipimo vinavyokaribiana na vya shokapu ya nyuma ya pikipiki ndogo: waya wa milimita 7, kipenyo cha wastani milimita 42, koili hai 14. Uwiano C ni 6. Tuseme mzigo uliotulia, dereva na shehena, unatia nyutoni 1000 kwenye kila springi. Kanuni tupu inatoa mkazo wa megapaskali 312. Kizidisho kidogo kinaupandisha hadi 338. Cha Wahl hadi 391. Mbonyeo ni y = 8FD³N/(Gd⁴), na kwa moduli ya mkato G ya megapaskali 79,000 tunapata milimita 43.7, yaani ugumu wa nyutoni 23 hivi kwa kila milimita. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea: kizidisho cha Wahl hakiingii kwenye mbonyeo. Mbonyeo hukusanya nishati ya waya mzima, na kile mpindo unachokiongeza upande wa ndani hukipunguza kwa kiasi kikubwa upande wa nje. Kinachobaki ni mchango wa mkato wa moja kwa moja, 1/(2C²), ambao hapa ni asilimia 1.4 tu, kiasi cha zaidi kidogo ya nusu milimita. Kwa hiyo mtu anaweza kuipakia springi mawe ya mizani, akapima mbonyeo, akaona hesabu yake imeafikiana na kipimo vizuri kabisa, na bado asijue lolote kuhusu mkazo wa upande wa ndani. Rula haiuoni.

Sasa fundi apachike raba na kuziua koili 4. Koili hai zimebaki 10. Mbonyeo chini ya mzigo uleule unashuka hadi milimita 31.2, na pikipiki inainuka kwa milimita 12.5, jambo linaloonekana kwa macho. Lakini itazame kanuni ya mkazo: N haimo. Mkazo wa mzigo tulivu umebaki megapaskali 391, haukupungua hata kidogo. Kilichobadilika ni gharama ya kila milimita ya mwendo. Springi nzima ilikuwa ikilipa megapaskali 8.9 kwa milimita. Iliyobanwa inalipa 12.5, kwa sababu mwendo uleule sasa unagawanywa kwa waya mfupi zaidi.

Barabara yenye mawimbi ya mfululizo ikiisogeza springi milimita 20 juu na 20 chini ya mahali pake pa utulivu, mkazo wa springi nzima unapanda na kushuka kwa megapaskali 179, na wa iliyobanwa kwa 250. Majaribio ya Zimmerli, yaliyochapishwa mwaka 1957, ndiyo mizani inayotumika zaidi hapa. Kwa springi za waya usiozidi milimita 10 hivi, ambazo hazikupigwa risasi ndogo za chuma kuimarisha uso wake, maisha yasiyo na kikomo yanapatikana mkupuo ukiwa hadi megapaskali 241 juu ya mkazo wa wastani wa 379. Wastani wetu, 391, uko jirani kabisa. Springi nzima imepita kwa nafasi nzuri. Iliyobanwa imevuka mstari. Lakini mwenye kushikilia kizidisho kidogo atapata mkupuo wa 216 kwa springi hiyohiyo iliyobanwa, na mwenye kutumia kanuni tupu atapata 200. Wote wawili wataandika “salama”. Ni hesabu yenye mpindo ndani yake pekee inayotoa onyo, na kwa kuwa kikomo cha Zimmerli chenyewe husomwa kwa mkazo uliosahihishwa kwa mpindo, kukilinganisha na namba isiyosahihishwa ni kupima kilo kwa mizani ya ratili.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba springi ngumu zaidi husogea kidogo zaidi, hivyo si haki kuzipa zote mbili milimita 20 zilezile. Kwa tuta moja la kupandwa polepole, pingamizi hilo lina ukweli. Kwa mawimbi ya barabara halina sana. Uzito unaobebwa na springi moja ni kama kilo 102, na mrudio wake wa asili ni karibu mara 2.4 kwa sekunde kwa springi nzima na 2.8 kwa iliyobanwa. Pikipiki inayokwenda kilomita 36 kwa saa juu ya mawimbi yanayopishana kwa sentimita 70 hupigwa mara 14 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ya mapigo mwili wa chombo haupati muda wa kufuata; unabaki karibu pale pale, na gurudumu ndilo linalopanda na kushuka. Mwendo wa springi unaamriwa na barabara, si na ugumu wake. Tairi hupunguza kiasi, na mlalo wa shokapu hupunguza kiasi kingine, ila vinapunguza kwa springi zote mbili. Kwamba Zimmerli alipima springi safi za maabara hakunipingi pia: raba inayosugua rangi hadi chuma kibaki wazi, ikashika unyevu na vumbi, inakishusha kikomo na kuniacha mimi nikiwa mpole mno.

Ushahidi wa mwisho uko kwenye springi iliyokatika yenyewe, kwa anayejua pa kutazama. Springi iliyozidiwa na mzigo tulivu haikatiki. Inafupika, na urefu wake wa huru ukilinganishwa na wa mpya utasema hivyo. Iliyochoka hukatika ikiwa bado ina urefu wake, kwa uso uliolala nyuzi 45 hivi kwa mhimili wa waya. Uso huo ukisafishwa na kuangaliwa kwa kioo cha kukuzia, sehemu laini yenye mistari kama ya mawimbi ufukweni inaelekeza kwenye chanzo, na chanzo, waya usipokuwa na jeraha kwingine, ni upande wa ndani wa koili. Nadharia inayopuuza mpindo haina namna nzuri ya kueleza kwa nini pawe hapo.

Ugumu anaoutafuta fundi unapatikana kwa njia nyingine. Waya wa milimita 7.5, kwa kipenyo kilekile cha nje cha milimita 49, wenye koili hai 13.7, unatoa ugumu uleule wa nyutoni 32 kwa milimita. C inashuka hadi 5.5 na kizidisho cha Wahl kinapanda hadi 1.28, lakini mkazo tulivu unakuwa 320 na mkupuo wa milimita 20 unakuwa megapaskali 205, chini ya kikomo. Gharama yake ni urefu wa springi inapobanana kabisa: koili nene zinachukua milimita 5 au 6 za ziada, na shokapu isiyokuwa na nafasi hiyo itagonga mwisho wake kwenye shimo la kwanza kubwa.