Barua ya makabidhiano ya duka Juba: idadi kwanza, thamani baadaye

Meneja wa duka anapoondoka Hai Malakal, mtaa wa mji wa Juba, funguo peke yake hazitoshi. Mwenye duka mara nyingi yuko Kampala, Nairobi au Arua, na mrithi wa meneja huenda hajawahi kuiona stoo. Kinachobaki baina ya watu hao watatu ni barua ya makabidhiano pamoja na orodha ya bidhaa na vifaa.

Kosa linaloleta ugomvi mkubwa ni kuandika thamani ya mali kwa pauni bila kuandika idadi. Desemba 2015 Sudan Kusini iliiacha pauni ifuate bei ya soko, na dola moja iliyokuwa pauni 2.96 kwa bei rasmi ikapanda hadi karibu 18.5 kwa siku moja. Orodha iliyosema tu "bidhaa za pauni laki moja" haikuwa tena na maana. Kwa hiyo andika idadi, kipimo na hali ya kila bidhaa. Bei ya kununulia iandikwe kwa fedha iliyolipiwa, iwe shilingi ya Uganda, dola au pauni, pamoja na tarehe yake.

Siku ya kuhesabu

Duka lifungwe wakati wa kuhesabu. Kabla ya kuanza, andikeni nambari ya risiti ya mwisho ya mauzo na ya hati ya mwisho ya kupokea mzigo. Nambari hizo mbili ndizo mpaka: kilichouzwa au kilichoingia baada yake ni cha meneja mpya. Anayeondoka na anayeingia wahesabu pamoja, mmoja akitaja na mwingine akiandika. Magunia yaliyopangwa ukutani yashushwe, kwani pengo la katikati halionekani kwa mbele.

Chukua mfano wa sukari ya magunia ya kilo 50. Hesabu iliyopita ilikuwa magunia 40. Tangu hapo yameingia 120 kupitia Nimule, na daftari la mauzo linaonyesha yameuzwa 131. Stoo inapaswa kuwa na 29. Wanaohesabu wanakuta 24 mazima na 2 yaliyolowa mvua, jumla 26. Yamepungua matatu.

Hapo meneja asiandike tu "29" ili mambo yaishe. Daftari la mikopo linafunguliwa, na linaonyesha mteja mmoja alichukua magunia mawili bila kuingizwa kwenye mauzo. Mawili hayo yanahamia kwenye orodha ya madeni, na linabaki moja lisilo na maelezo. Barua iseme hivyo waziwazi:

"Sukari kilo 50: magunia mazima 24, yaliyolowa 2. Pungufu 3, ambapo 2 yako kwenye deni la mteja, na 1 halijulikani lilipo."

Mwenye duka ndiye ataamua juu ya hilo moja. Meneja mpya akisaini orodha ya 29, pengo lote litakuwa lake.

Vifaa

Jenereta, friji na mizani viwashwe mbele ya wote wawili. Kuandika "jenereta 1" hakusaidii. Andika jina la mtengenezaji, nambari iliyogongwa kwenye bamba lake, tarehe ya kubadilishwa oili na kasoro yoyote. Mizani ijaribiwe kwa mfuko ambao uzito wake unajulikana, maana ikidanganya imekula faida siku zote. Funguo nazo zihesabiwe, pamoja na zile za akiba.

Mali isiyoonekana

Mzigo ulio njiani usichanganywe na ulio stoo. Ukiwa lori bado liko Elegu au Nimule, andika nambari ya gari, jina la dereva, bidhaa zilizomo, kiasi kilichokwisha lipwa na kilichobaki. Bidhaa za watu wengine zilizohifadhiwa dukani ziwe na ukurasa wao. Vivyo hivyo fedha taslimu, zikitenganishwa kwa kila sarafu, na madeni ya wauzaji wa jumla.

Anayeingia aandike karibu na saini yake: "Nimepokea vilivyohesabiwa mbele yangu. Madeni na mzigo ulio njiani nimearifiwa tu." Maneno hayo yanamkinga, kwa sababu hawezi kushuhudia deni ambalo mdai mwenyewe hajaulizwa. Inafaa wadai na wadaiwa wakubwa wapigiwe simu siku hiyo hiyo.

Zitengenezwe nakala tatu, kila ukurasa ukiwa na saini ya wote wawili na shahidi mmoja. Nakala moja ibaki dukani, moja aende nayo anayeondoka, na moja imfikie mwenye duka. Julai 2016, mapigano yalipozuka Juba, wageni wengi waliondoka kwa haraka. Karatasi iliyobaki ndani ya duka peke yake haimfai mtu ambaye tayari amevuka mpaka.