Chakula cha friza kwa wazazi wa mtoto mchanga

Chakula cha friza kwa wazazi wa mtoto mchanga ni chakula kinachopikwa wiki chache kabla ya mama kujifungua, kikagandishwa kwa mafungu, ili kipashwe moto baada ya mtoto kuzaliwa. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, hivyo wazazi hukosa usingizi na nafasi ya kupika.

Desturi hii imeenea hasa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako wazazi wengi hukaa mbali na ndugu zao. Katika Afrika ya Mashariki mzazi kwa kawaida hupikiwa na mama yake, mama mkwe au dada katika siku arobaini za uzazi. Hata hivyo, familia nyingi za mijini zenye friza huchemsha maharagwe mengi kwa mara moja na kuyagandisha. Mfano wa maharagwe unaonyesha vizuri njia hii pamoja na hatari yake kubwa, ambayo haimo katika kugandisha bali katika kupoza.

Kupika na kugawa

Kilo 1 ya maharagwe makavu hulowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea humwagwa, kisha maharagwe huchemshwa kwa maji mapya. Ni lazima yatokote kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi, kwa sababu maharagwe mekundu yana sumu ambayo moto mdogo peke yake hauiharibu. Yakiiva na kuungwa kwa vitunguu na nyanya, hutoa takriban lita 4, yaani mafungu 8 ya nusu lita. Fungu moja hutosha mlo wa watu wazima wawili.

Tui la nazi halitiwi siku hiyo, kwa kuwa likigandishwa na kuyeyuka huweza kukatika. Hutiwa siku ya kula. Viazi navyo huachwa, maana hulegea na kutoa maji.

Kupoza

Kuchemsha huua bakteria wengi, lakini baadhi yao huacha spora zinazostahimili mchemko. Chakula kinapopoa polepole, spora hizo huamka na bakteria huongezeka upesi katika uvuguvugu. Baridi ya friza haiwaui wote, bali huwasimamisha tu. Anayekula chakula hicho bila kukichemsha tena sawasawa huweza kupata msokoto wa tumbo na kuhara, mara nyingi kati ya saa 6 na 24 baadaye. Harufu na ladha havitoi onyo.

Kosa la kawaida ni kuweka sufuria nzima yenye moto ndani ya friza. Kingo hupoa, lakini katikati hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na vyakula vya jirani huanza kuyeyuka. Njia iliyo salama ni kumimina maharagwe katika sinia pana, yasizidi kina cha sentimita 5, na kuiweka sinia juu ya beseni la maji baridi huku yakikorogwa. Chakula kiingie kwenye friji kabla ya saa 2 kupita tangu kiondolewe motoni. Kijiko safi kikichovywa katikati ya chakula kisha kikaguswa, kinapaswa kuwa baridi kabla ya kufungasha.

Kugandisha

Kila fungu hutiwa katika mfuko wa chakula, hewa hutolewa, na mfuko hulazwa ukiwa na unene wa sentimita 2 au 3 ili ugande haraka. Vyombo vigumu huachiwa nafasi juu, kwa kuwa maji hutanuka yakiganda. Chupa iliyojaa hupasuka. Jina la chakula na tarehe huandikwa juu yake. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri za sentigredi, ladha hubaki nzuri kwa takriban miezi 3. Mabaka meupe makavu ni dalili ya kukauka tu, si ya sumu.

Kupasha moto

Mfuko huyeyushwa ndani ya friji usiku kucha, wala si juu ya meza. Fungu likiwa bado limeganda, huweza pia kutiwa sufuriani pamoja na maji kidogo. Hukorogwa hadi litokote lote, si pembeni tu. Kinachobaki hakigandishwi tena.

Umeme ukikatika

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Wazazi wanaoondoka kwenda hospitali huweza kugandisha maji katika kikombe na kuweka sarafu juu ya barafu. Wakirudi na kukuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka ikaganda upya, na chakula kilichomo hutupwa.