Dai la mshtuko: kutoka Melbourne hadi Londiani

Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena na kuelekea Kericho lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani. Liligonga matatu, bodaboda, wachuuzi wa kando ya barabara na watu waliokuwa wakingoja usafiri. Zaidi ya watu 50 walikufa. Fidia ya aliyekufa na ya aliyevunjika mguu ina njia zinazojulikana mahakamani. Swali gumu linamhusu mtu ambaye mwili wake haukuguswa, lakini tangu jioni ile halali usiku, hawezi kupanda gari, na akisikia honi ya lori anatetemeka.

Sheria inayomhusu mtu huyo ilianza kuandikwa mbali sana na mashamba ya chai. Mwaka 1886, karibu na Melbourne nchini Australia, mlinzi wa geti la reli aliwafungulia mume na mke waliokuwa kwenye kigari cha farasi huku garimoshi likija. Liliwapita kwa karibu mno bila kuwagusa. Mke alizimia, kisha akaugua sana. Shauri lilifika hadi Baraza la Kifalme mjini London, ambalo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni, na mwaka 1888 likaamua kwamba ugonjwa unaotokana na woga mtupu hauna fidia. Hofu ya majaji haikufichwa: mlango huo ukifunguliwa, madai ya uongo yatamiminika.

Tarehe hapa ina uzito wake kwa Kenya. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mahakama kinaagiza mahakama zetu zifuate sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Tukiisoma kikavu, siku hiyo uamuzi mkuu juu ya mshtuko uliosababishwa na uzembe ulikuwa ule wa 1888 uliomnyima mama wa Melbourne. Mwezi Mei 1897 jaji mmoja wa London alikuwa amempa fidia mwanamke aliyeambiwa kwa mzaha kwamba mumewe amevunjika miguu yote miwili, lakini huo ulikuwa mzaha wa makusudi. Uzembe ulibaki nje. Bahati nzuri, hukumu za Kiingereza za baada ya 1897 husikilizwa Kenya kama ushawishi hata kama hazifungi mikono ya jaji, na nyingi kati ya hizo zilikwenda kinyume na Melbourne.

Ya kwanza ilikuja mwaka 1901. Mwanamke mjamzito alikuwa akihudumu katika baa ya mumewe jijini London, gari la farasi likaingia ndani kwa kishindo. Hakuguswa, ila alipata mshtuko na kujifungua kabla ya wakati. Jaji Kennedy alimkubalia, kwa sharti kwamba awe alihofia usalama wake mwenyewe. Hapo ndipo alipozaliwa yule ambaye wanasheria sasa wanamwita mwathiriwa wa kwanza, yaani mtu aliyekuwa ndani ya hatari. Kwa Londiani, mama mboga aliyeruka mtaroni lori likipita pale alipokuwa ameketi ni wa kundi hili. Akionyesha kwa ripoti ya daktari kwamba ana ugonjwa wa akili unaotambulika, si huzuni tu, hahitaji kuthibitisha uhusiano wowote na waliokufa. Tangu mwaka 1995, katika kesi ya Page dhidi ya Smith, inatosha kwamba dereva alipaswa kuona kuwa angeweza kumuumiza mwili. Si lazima awe aliweza kuona kwamba angemvuruga akili.

Aliyekuwa nje ya hatari ni mwathiriwa wa pili, na kwake mahakama zimejenga vizuizi. Vilikazwa na maafa ya uwanja wa mpira wa Hillsborough, Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989, pale mashabiki walipokandamizwa hadi kufa kwa sababu ya makosa ya polisi. Ndugu na jamaa walishtaki, na katika kesi ya Alcock, iliyoamuliwa mwishoni mwa 1991, wote walishindwa. Majaji walitaka mlalamishi awe na kifungo cha karibu cha upendo na aliyeumia, awe karibu na tukio kwa muda na mahali, na awe ameliona au kulisikia mwenyewe.

Tuvipime vizuizi hivyo pale Londiani. Mwendesha bodaboda aliyekuwa salama ng'ambo ya barabara akaona watu asiowajua wakifa anaondolewa na kizuizi cha kwanza. Mzazi, mtoto au mwenzi wa ndoa huchukuliwa kuwa na upendo huo, lakini ndugu lazima authibitishe. Alcock ilikuwa na mtu aliyekuwa uwanjani na kupoteza ndugu zake wawili, naye akashindwa kwa sababu hakuleta ushahidi wa ukaribu wao. Mama anayepigiwa simu akiwa Bomet na kufika hospitalini ndani ya saa mbili, akamkuta mwanawe bado ana damu na matope, ana nafasi. Mama wa hali kama hiyo alishinda London mwaka 1982 katika kesi ya McLoughlin. Akifika asubuhi ya pili kuutambua mwili mochari, amechelewa: katika Alcock hata saa nane zilionekana nyingi mno. Na aliyeona ajali kwenye video ya simu hapati kitu. Waliojitosa kuokoa majeruhi nao walikatwa mwaka 1998, isipokuwa waliokuwa wenyewe hatarini. Nionavyo mimi, sheria hapo inamtendea vibaya mwananchi anayefika kabla ya ambulensi.

Mwezi Januari 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliondoa sharti la mshtuko wa ghafla, ila ikasisitiza kwamba lazima pawe na ajali. Watoto waliomwona baba yao akianguka na kufa barabarani kwa ugonjwa ambao hospitali ilidaiwa kushindwa kuugundua hawakufanikiwa.

Wakili wa Kericho hana sababu ya kumeza haya yote. Kifungu kile kile cha 3 kinasema sheria ya Kiingereza itumike kwa kadiri hali ya Kenya na wakazi wake inavyoruhusu. Nyanya wa Bomet aliyemlea mjukuu tangu akinyonya, wakati wazazi wakichuma chai na kuishi kambini, si jamaa wa mbali kwa kipimo chochote cha hapa.

Wala kuwa mwathiriwa wa kwanza si tiketi ya ushindi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa mashamba ya Unilever Kericho walivamiwa makwao. Walikuwa ndani ya hatari yenyewe. Zaidi ya 200 walishtaki London, lakini mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilisema kampuni mama haikuwa na wajibu wa uangalifu kwao, kwa kuwa usimamizi wa majanga ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Kenya. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa. Kesi ilifia mlangoni, kabla ya yeyote kupima majeraha, ya mwili au ya akili.

Kwa Londiani, saa inaenda. Dai la uzembe Kenya hufunguliwa ndani ya miaka 3, na mahakama huweza kuongeza muda ikiwa jambo muhimu la dai halikujulikana mapema. Ugonjwa wa akili mara nyingi hutambuliwa kwa kuchelewa, kwa hiyo tarehe ambayo daktari aliuandika kwa mara ya kwanza katika kadi ya kliniki inaweza kuamua kama kesi itasikilizwa au la.